Kenya: Kwa nini jibu sahihi la hisabati huweza kupata alama 1 kati ya 4

Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne nchini Kenya, KCSE, mtahiniwa aliyeandika jibu sahihi huweza kupata alama chache kuliko mwenzake aliyekosea jibu. Jambo hilo huwashangaza wazazi wengi. Hata hivyo, maelekezo ya karatasi yenyewe hutahadharisha kwamba alama zaweza kutolewa kwa hatua sahihi hata kama jibu si sahihi. Namna alama hizo zinavyogawanywa huonekana katika mwongozo wa usahihishaji.

Mtihani huo, unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, una karatasi mbili za hisabati. Kila karatasi ina alama 100 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Kwa hiyo kila alama ina dakika moja na nusu, na idadi ya alama iliyoandikwa kwenye mabano kando ya swali humwonyesha mtahiniwa kiasi cha kazi kinachotarajiwa.

Katika mwongozo, kila hatua yenye thamani huwekewa herufi. M ni alama ya njia, nayo hutolewa kwa hatua inayofaa hata kabla ya jibu kupatikana. A ni alama ya usahihi wa jibu lililotokana na njia hiyo. Pasipo M, A haitolewi. B ni alama inayojitegemea, isiyofungwa na hatua nyingine. Herufi hufuatwa na idadi ya alama, kwa mfano M1. Alama iliyokosekana huandikwa kwa sifuri, kama A0.

Tuchukue swali la alama 4 lililotungwa kwa muundo huo. Urefu wa shamba la mstatili unazidi upana wake kwa mita 5, na eneo lake ni mita za mraba 84. Tafuta mzingo wa shamba. Upana ukiwa x, mwongozo utasomeka hivi:

```
x(x + 5) = 84            M1
(x + 12)(x - 7) = 0      M1
x = 7                    A1
2(7 + 12) = 38 m         B1
```

Mtahiniwa wa kwanza alikisia namba hadi akafika 7 na 12, kisha akaandika "38 m" peke yake. Jibu ni sahihi, lakini msahihishaji haoni mlinganyo wala hatua ya kuutatua. Alama mbili za M hazipo, na A imekwenda nazo. Anapata B1, yaani alama 1.

Mtahiniwa wa pili aliandika mistari miwili ya kwanza bila kosa. Kisha akachanganya ishara, akaandika x = 12, akapata mzingo wa mita 58. Jibu lake si sahihi, lakini njia imeonekana. Anapata M1, M1, A0, B0, yaani alama 2.

Alama nyingine hupotea kwa kukadiria mapema. Mtahiniwa anayetafuta ulalo wa mraba wenye upande wa mita 50, akatumia 1.4 badala ya 1.4142, hupata mita 70, ilhali jibu ni mita 70.71. M inabaki, A inapotea. Tiba yake ni kubeba tarakimu zote hadi mstari wa mwisho, ndipo kukadiria.

Upotevu mwingine hutokea pale swali linapotaja njia, kama vile kutumia logarithimu. Anayetumia kikokotoo hufika kwenye jibu, lakini hatua zilizotengewa alama hazionekani. Pale ambapo swali halikutaja njia, njia nyingine iliyo sahihi hukubaliwa, hata kama si ile iliyochapishwa katika mwongozo.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa, mwongozo hufaa zaidi ukifunguliwa baada ya swali kujibiwa. Afanye swali hadi mwisho, kisha alinganishe mstari kwa mstari na kuandika pembeni herufi ya kila alama aliyoikosa. Baada ya karatasi nzima, ahesabu herufi hizo. Zikiwa nyingi ni M, basi hajaijua njia, au anaijua lakini haiandiki. Arudi kwenye mada au azoee kuonyesha kazi yake. Zikiwa nyingi ni A, njia anaijua, na kasoro iko katika ishara, makadirio au haraka ya kukokotoa. Wanafunzi wawili wenye alama 52 kila mmoja wanaweza kuwa na upungufu tofauti kabisa, na jumla iliyoandikwa juu ya karatasi haiwezi kuuonyesha.