Vita Viwili, Madeni Mawili: Riba na Ukuaji Katika Hazina ya Uingereza

Mwaka 1946 deni la taifa la Uingereza lilifikia takriban asilimia 250 ya pato la mwaka. Katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa limeshuka hadi karibu asilimia 50, ingawa kwa hesabu ya pauni taslimu lilikuwa limeongezeka. Robo karne kabla ya 1946, nchi hiyohiyo ilitoka kwenye Vita Kuu vya Kwanza ikiwa na deni dogo zaidi, karibu asilimia 140 ya pato. Ikafunga mkanda miaka kumi na zaidi, na deni likazidi kupanda. Anayepima uhimilivu wa deni kwa ukubwa wake peke yake hawezi kueleza jambo hilo.

Maelezo yake yamo katika hesabu fupi. Deni la mwaka jana huongezeka kwa kiwango cha riba, na pato la taifa huongezeka kwa kiwango cha ukuaji. Uwiano wa deni kwa pato hutegemea ni kipi kinamtangulia mwenzake. Kutoka hapo hupunguzwa ziada ya msingi, yaani kile ambacho serikali inabakiwa nacho baada ya kugharimia kila kitu isipokuwa riba:

```
d(sasa) = d(jana) × (1 + r) / (1 + g) − z
```

Hapa d ni uwiano wa deni kwa pato, r ni riba, g ni ukuaji wa pato na z ni ziada ya msingi kama sehemu ya pato. Riba na ukuaji lazima vipimwe kwa namna moja: ama vyote vikiwa na mfumuko wa bei ndani yake, ama vyote bila mfumuko. Kuchukua riba ya soko na kuilinganisha na ukuaji uliokwisha kuondolewa mfumuko ni kosa la kawaida, nalo hulifanya deni lionekane zito kuliko lilivyo.

Baada ya 1918 Uingereza ilikuwa na mkopo mmoja mkubwa wa vita wenye riba ya asilimia 5, wenye thamani ya pauni bilioni 2 na ushei. Watawala wa London walitaka kuirudisha pauni kwenye dhahabu kwa bei ya kabla ya vita, dola 4.86, na hilo lilihitaji bei za bidhaa na mishahara zishuke. Matumizi yalikatwa vikali, hasa mwaka 1922 kufuatia kamati ya Sir Eric Geddes, na Aprili 1925 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, alitangaza kurudi kwenye dhahabu. Ziada ya msingi ya miaka hiyo ilikaribia asilimia 7 ya pato, kiwango ambacho serikali chache sana za leo zingekithubutu.

Hesabu ya mfano inaonyesha kwa nini haikutosha. Deni likiwa 140, riba asilimia 5 na pato likipungua kwa asilimia 1 kwa sababu ya kushuka kwa bei, mwaka unaofuata deni huwa 140 × 1.05 / 0.99, yaani takriban 148.5. Ondoa ziada ya 7, linabaki 141.5. Wananchi wamebanwa mwaka mzima, na uwiano umepanda. Tena kubanwa kwenyewe kulizidi kuudhoofisha uchumi, kwa hiyo dawa ilikuwa ikimpunguzia mgonjwa damu. Kufikia 1933 deni lilipita asilimia 190. Nafuu ilianza baada ya pauni kuachana na dhahabu Septemba 1931. Riba ikashuka, na mwaka 1932 waziri wa fedha Neville Chamberlain akaweza kuwabadilishia wenye mkopo wa vita asilimia 5 kwa asilimia 3.5.

Mwaka 1944, vita vya pili vikiwa bado vinapiganwa na Wamarekani wengi wakihofia deni watakalorithi, mwanauchumi Evsey Domar alichapisha makala iliyoligeuza swali. Alionyesha kwamba serikali ikikopa kila mwaka sehemu ileile ya pato, deni halipandi bila kikomo, bali huelekea kwenye kiwango kinachopatikana kwa kugawanya sehemu hiyo kwa kasi ya ukuaji. Nakisi ya asilimia 3 na ukuaji wa asilimia 5, mfumuko ukihesabiwa, hulifikisha deni asilimia 60. Si ajabu kwamba tarakimu hizo za 3 na 60 ndizo zilizoingia katika Mkataba wa Maastricht wa 1992. Zinapatana tu iwapo hiyo 5 ipo. Kwa Domar, tatizo la deni lilikuwa tatizo la kukuza pato.

Uingereza ya baada ya 1945 ilikwenda njia hiyo, nusu kwa bahati na nusu kwa mkono wa dola. Uzalishaji ulikua, bei zikapanda kidogo kidogo, na riba ikashikiliwa chini. Deni likiwa 250, riba asilimia 3 na pato likikua kwa asilimia 7, mwaka mmoja hulishusha hadi takriban 240.7 hata bila senti moja ya ziada. Kadiri deni lilivyo kubwa, ndivyo pengo hilo linavyofanya kazi kubwa zaidi, kwa heri au kwa shari.

Kuna aliyelipa, hata hivyo. Waziri wa fedha Hugh Dalton aliuza hatifungani za riba ya asilimia 2.5 zisizo na tarehe ya lazima ya kukombolewa. Riba za muda mrefu zilipofika karibu asilimia 17 mwishoni mwa 1974, hatifungani ya pauni 100 ilikuwa haifiki pauni 20 sokoni. Sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ya 1947 iliwazuia wenye akiba kukimbilia nje, na vizuizi hivyo viliondolewa mwaka 1979 tu. Wakopeshaji wengine walikuwa makoloni. Shilingi ya Afrika Mashariki ilidhaminiwa na Bodi ya Sarafu kwa dhamana za London, pauni 1 kwa shilingi 20, hivyo sehemu ya fedha za pamba, kahawa na mkonge wa huku ilikaa kwenye karatasi za Hazina ya Uingereza kwa riba ndogo.

Njia hiyo inaishia pale deni linapokuwa kwa sarafu ya mwingine. Juni 2014 Kenya iliuza hatifungani ya dola ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875, dola ikiwa takriban shilingi 88. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, kisha ikarudi karibu 130 muda wa deni ulipoisha mwezi Juni. Hata kwa hiyo 130, shilingi ilipoteza wastani wa asilimia 4 kwa mwaka, na riba kwa anayekusanya kodi kwa shilingi ikawa karibu asilimia 11. Pato lilipaswa kukua kwa kasi hiyo kwa shilingi, ukuaji na mfumuko pamoja, ili deni lile lisiongezeke uzito. Sehemu kubwa ya hatifungani hiyo ilinunuliwa mapema Februari 2024, kwa mkopo mpya ambao wawekezaji walidai faida ya zaidi ya asilimia 10, kwa dola. Wakati huo Kenya ilikuwa imekwisha kuacha kikomo cha deni cha shilingi trilioni 10 na kuweka asilimia 55 ya pato, kipimo kilicho bora zaidi, ingawa nacho hakilinganishi riba na ukuaji.