Mabomu ya London na Hesabu ya Visanduku Vitupu: Uchunguzi wa R. D. Clarke, 1946

Ikisiri
Makala haya yanaeleza jinsi kuhesabu maeneo yasiyopigwa na bomu kulivyosaidia kujibu swali la vita: je, mabomu yaliyoangukia London ya kusini yalilengwa mahali mahususi? Makala yanaonesha hatua za hesabu hiyo kwa njia ya vigeu viashiria, kisha yanabainisha mipaka yake.

Utangulizi
Mnamo Juni 1944 Ujerumani ilianza kurusha mabomu ya V-1 kuelekea London. Baada ya muda ilidaiwa mara kwa mara kuwa mabomu hayo huanguka kwa mafungu: mtaa mmoja hupigwa tena na tena, na mtaa wa jirani husalimika. Dai hilo halikuwa dogo. Kama lilikuwa kweli, silaha hiyo ingeweza kulenga shabaha ndogo, na kinga ya mji ingepaswa kupangwa kwa kuzingatia hilo. Kama halikuwa kweli, mafungu hayo yalikuwa kazi ya bahati tu.

Mwaka 1946 R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alichapisha jibu fupi. Alichukua eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa London, akaligawa katika miraba 576 iliyo sawa, kila mmoja robo ya kilomita ya mraba. Katika eneo hilo yalikuwa yameanguka mabomu 537. Kisha akahesabu miraba kwa idadi ya mabomu iliyopokea. Miraba 229 haikupata hata bomu moja.

Hesabu ya miraba mitupu
Clarke mwenyewe alitumia mgawanyo wa Poisson. Idadi ya miraba mitupu inaweza kupatikana kwa njia iliyo wazi zaidi. Tuseme kila bomu lina nafasi sawa ya kuangukia mraba wowote, bila kutegemea mabomu mengine. Kila mraba hupewa kigeu kiashiria: thamani yake ni 1 mraba ukibaki mtupu, na 0 ukipigwa. Jumla ya viashiria vyote 576 ndiyo idadi ya miraba mitupu.

Thamani tarajiwa ya kiashiria kimoja ni uwezekano wa mraba wake kubaki mtupu. Bomu moja huukosa mraba huo kwa uwezekano wa 575/576. Mabomu yote 537 huukosa kwa uwezekano wa (575/576)^537, yaani takriban 0.393. Kwa kujumlisha:

576 × (575/576)^537 ≈ 226.6

Viashiria hivi hutegemeana, kwani mraba mmoja ukibaki mtupu, mabomu yote hulazimika kuangukia mingineyo. Hata hivyo, thamani tarajiwa ya jumla ni jumla ya thamani tarajiwa, vigeu vitegemeane au visitegemeane. Hapo ndipo ulipo wepesi wa njia hii.

Utegemeano huo huanza kuhesabika pale inapoulizwa ni tofauti ya kiasi gani ingetiliwa shaka. Viashiria vikizingatiwa wawili wawili, mkengeuko sanifu wa idadi ya miraba mitupu ni takriban 7.4. Tofauti kati ya 229 na 226.6 ni 2.4 tu, yaani theluthi moja ya mkengeuko huo. Bahati pekee inatosha kuieleza.

Kama mabomu yangelengwa
Ulinganisho huu una maana kwa sababu ulengaji ungeacha alama. Tuchukulie kwamba nusu ya miraba ingepokea robo tatu ya mabomu kwa wastani. Nusu hiyo ingetarajiwa kubaki na miraba mitupu 71, na nusu iliyopendelewa kidogo ingebaki na 181, jumla 252. Hiyo ni zaidi ya mikengeuko mitatu juu ya 226.6. Kwa idadi kubwa ya mabomu, nafasi zisizo sawa huongeza miraba mitupu. Kinyume chake, mabomu yakipangwa kwa umbali sawa, miraba mitupu hupungua.

Mipaka ya hoja
Kwanza, jibu hili linahusu eneo lililochaguliwa tu. Halisemi kwamba London nzima ilipigwa kwa usawa. Pili, ukubwa wa mraba huamua kinachoweza kuonekana. Kama Clarke angetumia miraba 36 ya kilomita nne za mraba, kila mmoja ungepata wastani wa mabomu karibu 15. Pasingetarajiwa mraba mtupu hata mmoja, na hesabu hii isingefichua chochote. Tatu, idadi ya miraba mitupu haioneshi ilipo: miraba 229 iliyotawanyika na miraba 229 iliyokaa upande mmoja huhesabiwa sawa. Kwa hiyo ramani bado inahitajika.

Hitimisho
Wakazi waliona mafungu, na mafungu yalikuwapo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba bahati husambaza vitu kwa usawa. Bahati yenyewe, kwa mabomu 537 na miraba 576, huacha karibu miraba minne katika kila kumi bila kuguswa. Anayeona mafungu katika ramani ya matukio yoyote hana budi kuijua idadi hiyo kwanza, ndipo atafute aliyelenga.