Barua ya kuomba kuongezewa muda wa malipo

Barua hii huandikwa na mfanyabiashara kwa muuzaji wa jumla au msambazaji anayempatia bidhaa kwa makubaliano ya kulipa baadaye. Mwandishi anaomba kipindi cha kulipa kirefushwe, na hoja yake kuu ni kwamba kwa miaka kadhaa amelipa bila kuchelewa. Barua yenyewe huwa fupi, lakini maneno yake ni ya hatari kuliko inavyodhaniwa. Muuzaji anayepokea ombi la namna hii kutoka kwa mteja mwaminifu hujiuliza kwanza swali moja: kwa nini sasa? Neno likikaa vibaya, sifa iliyojengwa kwa miaka minne husomeka kama dalili ya mtu anayeanza kuzama.

Shida huanzia kwenye kichwa cha barua. Maneno *kuongezewa muda wa malipo* yana maana mbili, ndiyo maana sisi wenyewe tunayatumia hapa juu kama jina la mazoea tu. Maana ya kwanza ni kuahirishiwa deni ambalo tayari lipo na siku yake imefika. Maana ya pili ni kubadilishiwa masharti ya manunuzi yatakayokuja. Msomaji asiyepewa ufafanuzi huchukua ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea kusikia. Kwa hiyo anayeomba la pili aandike *kubadilisha masharti ya malipo*, kisha ataje ankara zinazohusika na zitaanza lini. Kipimo cha kujua ni barua ipi unayoiandika ni rahisi: je, ankara iliyopo mezani leo utailipa kwa wakati? Kama jibu ni hapana, unaandika barua ya kuomba nafuu ya deni, nayo ina lugha yake.

Mfano: duka la pembejeo Ilula

Tuchukue duka la kubuni lililoko Ilula, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, linalonunua viuatilifu kwa muuzaji wa jumla aliyeko Mbeya. Ilula inajulikana kwa nyanya. Nyanya huanza kuchumwa takriban siku 70 hadi 90 tangu miche ihamishiwe shambani, na katika kipindi chote hicho mkulima hupulizia dawa: za ukungu mvua zinapokuwa nyingi, na za yule mdudu ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze. Mkulima huyo huchukua dawa dukani na kulipa anapochuma. Mwenye duka naye anatakiwa kumlipa muuzaji wake ndani ya siku 30, wakati nyanya za mteja wake bado ni maua. Miaka yote amejaza pengo hilo kwa fedha zake. Wateja wakiongezeka, fedha hizo hazitoshi tena, ingawa biashara haina ugonjwa wowote.

Sababu hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa, kwa sentensi mbili au tatu. Barua nyingi huishia kwenye *hali ngumu ya uchumi* au *changamoto mbalimbali*, maneno ambayo muuzaji hawezi kuyapima, na ambayo humfanya ahisi baya kuliko lililopo.

Kuna hesabu ambayo mwombaji husahau na muuzaji hasahau kamwe. Tuseme duka huagiza bidhaa za shilingi milioni 6 mwanzoni mwa kila mwezi na kulipa mwishoni mwa mwezi huohuo. Wakati wowote, muuzaji wa Mbeya anakuwa nje kwa milioni 6. Kipindi kikiwa miezi mitatu, mzigo wa Desemba utalipwa mwishoni mwa Februari. Mzigo wa Februari ukishatoka, muuzaji anadai milioni 18. Mwombaji anaona ameomba muda tu, kumbe ameomba pia kuaminiwa kwa fedha mara tatu ya zile za mwanzo. Kwa sababu hiyo barua nzuri hutaja yenyewe *ukomo wa deni*, yaani kiwango ambacho deni lote halitavuka, na hupendekeza njia ya kupunguza mzigo. Hapa duka linapendekeza kulipa theluthi moja ya kila ankara mwishoni mwa kila mwezi kwa miezi mitatu. Katika Februari deni litakuwa milioni 2 za Desemba, milioni 4 za Januari na milioni 6 za Februari, jumla milioni 12. Mwezi Machi itakuwa vivyo hivyo, maana ankara ya Desemba itakuwa imekwisha.

Kiini cha barua kinaweza kuandikwa hivi:

> YAH: OMBI LA KUBADILISHA MASHARTI YA MALIPO KWA ANKARA ZA DESEMBA 2025 HADI MACHI 2026
>
> Ndugu Meneja,
>
> Tangu Oktoba 2021 duka letu limekuwa likinunua viuatilifu kwenu kwa masharti ya kulipa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara. Katika ankara 48 mlizotupatia hadi Septemba 2025, ankara 46 tulizilipa siku ya mwisho au kabla yake. Mbili za mwaka 2023 zilichelewa siku tatu na siku tano, nasi tuliwaarifu mapema. Leo hatuna ankara yoyote iliyopitiliza.
>
> Wateja wetu wa msimu wa mvua ni wakulima wa nyanya, ambao hutulipa wanapoanza kuchuma, takriban miezi mitatu baada ya kuhamisha miche. Idadi yao imeongezeka, na siku 30 hazilingani tena na mzunguko wa zao lao.
>
> Kwa hiyo tunaomba ankara za Desemba 2025 hadi Machi 2026 zilipwe kwa mafungu matatu yaliyo sawa: la kwanza mwishoni mwa mwezi wa ankara, na mengine mawili mwishoni mwa miezi miwili inayofuata. Deni letu lote halitazidi shilingi milioni 12. Kuanzia ankara ya Aprili 2026 tutarudi kwenye siku 30.
>
> Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 7 Novemba 2025 ili tupange oda ya Desemba. Iwapo ombi hili halitawezekana, tutaendelea na masharti ya sasa kwa oda ndogo zaidi.

Ankara mbili zilizochelewa zimetajwa kwa makusudi. Muuzaji ana daftari lake, na akikuta mwandishi amedai *hatujawahi kuchelewa hata siku moja*, ataacha kuamini na yale 46. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi: inamwonyesha kwamba akikataa hapotezi mteja wala hapati mdaiwa sugu.

Nyakati za vitenzi

Katika aya ya kwanza ya barua kuna *limekuwa likinunua*. Wanafunzi na wafasiri wengi huandika *lilikuwa likinunua* au *tulikuwa tukilipa kwa wakati*, wakidhani tofauti ni ya mtindo. Sivyo. *Tulikuwa tukilipa* hueleza desturi iliyokoma; msikilizaji husubiri kuambiwa ni lini mliacha. *Tumekuwa tukilipa* huanzia nyuma na kufika leo. Herufi chache hizo zinatosha kugeuza mteja mwaminifu kuwa mteja aliyekuwa mwaminifu.

Kwa wakati, kwa muda, ndani ya muda

*Kulipa kwa wakati* ni kulipa siku iliyokubaliwa inapofika au kabla yake. *Kwa muda*, likisimama peke yake, humaanisha kitambo kidogo, kisha basi: *alikaa Iringa kwa muda, akahamia Mbeya*. Anayeandika *tumelipa kwa muda miaka yote* amesema kinyume cha alichokusudia. *Ndani ya muda* ni sahihi iwapo muda wenyewe umetajwa. *Muda muafaka*, linalopendwa sana maofisini, halifai hapa, kwa kuwa halisemi ni siku gani.

Vilevile *baada ya siku 90* na *ndani ya siku 90* hazibadilishani. *Tutalipa baada ya siku 90* huweka mwanzo bila mwisho; siku ya 91 ni baada, na ya 200 ni baada pia. Ni lazima pia kusema siku zinahesabiwa tangu lini, tarehe ya ankara au siku ya kupokea mzigo, kwani mzigo wa Mbeya hausafiri siku ankara inapoandikwa. Wala siku 90 si lazima ziwe miezi mitatu: ankara ya tarehe 1 Desemba 2025 hutimiza siku 90 tarehe 1 Machi 2026, lakini ya tarehe 1 Machi hutimiza siku 90 tarehe 30 Mei. Chagua kipimo kimoja na ukishike.

Kopa, mali kauli, deni, dai

Barua ya mfano haina kitenzi *kopa*. Si kosa kukitumia, na *kuuziana kwa mkopo* ni Kiswahili sanifu. Hata hivyo, kina kivuli. Kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zilikipa pia maana ya kulaghai, na methali ya *kukopa harusi, kulipa matanga* bado iko midomoni mwa watu. *Masharti ya malipo* hutaja jambo lilelile bila kuamsha kivuli hicho.

*Mali kauli* ni istilahi hai ya wafanyabiashara wa Tanzania: bidhaa hutolewa kwa kuaminiana kwa maneno, na mchukuaji hulipa baada ya kuuza. Katika mazungumzo ya simu inafaa kabisa. Katika barua hii haifai, kwa sababu hapa tarehe ya malipo imewekwa, iwe dawa zimeuzwa au bado zimo rafuni.

*Deni* na *dai* ni kitu kimoja kikitazamwa kutoka pande mbili. Mwenye duka ana deni kwa muuzaji wa Mbeya na ana dai kwa mkulima. Kwa huyo wa kwanza yeye ni *mdaiwa*, kwa wa pili ni *mdai*. Mfasiri achunguze nani anasema kabla ya kuchagua. Na aepuke *mzabuni* kwa muuzaji wa namna hii, maana mzabuni ni aliyeshindania zabuni.

Salamu na mwisho

*Yah:* na *Kuh:* hutumika Tanzania. Barua za Kenya mara nyingi huwa na *Mint:*, kifupi cha *mintarafu*. Maneno ya kufungulia *husika na kichwa cha habari hapo juu* yameenea, lakini kisarufi yanamwamuru msomaji ahusike, na yanaweza kuachwa bila hasara. *Wako mtiifu* huwafaa waombaji kazi. Hapa wanaoandikiana ni wafanyabiashara wawili. *Wako katika biashara*, saini, jina na cheo vinatosha.

Kusoma jibu

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kukabidhi bidhaa na kulipa bei huenda pamoja isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine. Muda wa kulipa baadaye unatokana na makubaliano, kwa hiyo maneno ya jibu yasomwe kwa makini. *Tumepokea ombi lenu* na *tunalifanyia kazi* hayajabadilisha chochote, na ankara inayofuata bado ni ya siku 30. *Tumeridhia* au *tumekubali*, yakifuatiwa na miezi, mafungu na ukomo uleule ulioombwa, ndiyo makubaliano. Jibu likisema *tumeridhia kwa sehemu* na kutaja milioni 8 badala ya 12, hilo ni pendekezo jipya, nalo linahitaji barua nyingine ya mstari mmoja kabla ya oda ya Desemba kutumwa.