Mtoro Arudishwe au Asirudishwe?

Hebu tuweke Biblia mezani, tufungue mahali pawili tu.

Pa kwanza ni Kumbukumbu la Torati 23:15-16. Pale Waisraeli wanaamriwa wasimrudishe kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka na kukimbilia kwao. Akae mahali atakapochagua, wala asionewe. Kwa zama zile hilo halikuwa jambo dogo. Sheria za Hammurabi kule Babeli zilimhukumu kifo mtu aliyemficha mtoro nyumbani kwake. Lakini usishangilie mapema. Torati hiyohiyo, katika Mambo ya Walawi 25, inaruhusu kununua watumwa wa mataifa jirani na kuwarithisha watoto kama mali.

Pa pili ni waraka wa Paulo kwa Filemoni, ambao ni sura moja tu. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, yuko na Paulo aliye kifungoni. Paulo anamrudisha, ila anamwomba bwana ampokee kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tena. Na kama kuna deni, Paulo anasema aandikiwe yeye. Je, anaomba Onesimo aachwe huru? Hasemi waziwazi. Hata kwamba Onesimo alitoroka, waraka hautamki. Ni wasomaji waliounganisha vipande. Ukimya huo ndio uliozaa ugomvi wa karne nyingi.

Twende Marekani, mwaka 1850. Bunge limepitisha sheria kali ya watoro: anayemsaidia mtoro anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi sita. Moses Stuart, mwalimu maarufu wa Kiebrania kule Andover, Massachusetts, akaandika kuitetea hoja ya kuwarudisha. Alisema Torati inamzungumzia mtoro anayetoka kwa wapagani wa nje, si anayevuka kutoka kabila moja la Israeli kwenda lingine. Majimbo ya kusini na ya kaskazini ni ndugu, kwa hiyo mtoro arudishwe, kama Paulo alivyomrudisha Onesimo.

Sasa, Stuart hakuwa mjinga. Andiko linasema mtoro achague mahali katika miji ya Israeli, na wasomi wengi hata leo wanaona ni mtu aliyetoka nje. Kosa lake liko kwenye hatua inayofuata. Katika mfano wake, bwana wa kusini ni ndugu, na mkulima wa kaskazini ni ndugu. Mtoro mwenyewe, ambaye mara nyingi alikuwa Mkristo aliyebatizwa, yuko wapi? Hayumo. Ilhali neno zito kuliko yote katika waraka ule, ndugu, Paulo alilitumia kumhusu mtumwa.

Watumwa wenyewe walikuwa wameshaiona hila hiyo. Mwaka 1833 huko Liberty, Georgia, mhubiri Charles Colcock Jones aliwahubiria kutoka Filemoni, akasisitiza utii na kulaani kutoroka. Kwa maelezo yake mwenyewe, nusu ya wasikilizaji walisimama wakajiondokea. Waliobaki walinung'unika, na wengine wakamwambia ati waraka kama huo haumo kabisa katika Biblia. Watu waliozuiwa kujifunza kusoma walikuwa wanafanya uhakiki wa maandiko: kama neno linampendeza mwenye shamba peke yake, basi lina walakini.

Swali hilo lilibisha hodi kwetu pia. Miaka ya 1880, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni ya Rabai, nje ya Mombasa. Wenye mashamba wakalalamika, na wamishonari wakabanwa: wawape hifadhi kama Torati inavyosema, au wawarudishe ili kuwe na amani na serikali ya Sultani? Suluhisho likawa pesa. George Mackenzie wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki alisimamia malipo ya fidia kwa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watoro 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Ni kama ile ahadi ya Paulo kuhusu deni. Lakini angalia vizuri nani alilipwa. Bwana alipata fedha. Mtumwa, aliyelima bila ujira, alipata karatasi. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria pwani hadi 1907.

Kwa hiyo ukiletewa andiko kwenye mjadala huu, usiishie kuuliza linasema nini. Uliza katika mfano wa msemaji nani ameitwa ndugu, na nani ameachwa nje ya mlango akisubiri watu wamalize kumjadili.