Badgiri

Mjini Yazdi, Irani, mnara wa kuteka upepo huitwa badgiri. Kwa Kiajemi, bad ni upepo na gir ni kukamata. Jina hilo lataja nusu tu ya kazi yake. Ndani, kuta za wima huugawa mnara: upepo huingia upande unaoukabili na kushuka sebuleni, hewa ya joto hutokea upande wa pili. Katika bustani ya Dowlatabad, hewa ishukayo hupita juu ya birika la maji, ikapoa zaidi.

Wafanyabiashara kutoka Irani walipohamia Dubai, neno likawa barjili vinywani mwa Waarabu. Huko pwani hewa imejaa unyevu, hivyo maji hayasaidii sana. Kinachoburudisha ni upepo unaokausha jasho mwilini.