Sheria ya Nyumba ya Fatuma, Kutoka Azhar Hadi London

Nyuma ya stesheni ya King's Cross, pale ambapo zamani treni zilikuwa zikishusha nafaka na makaa ya mawe, limesimama jengo jeupe katika barabara ya Handyside. Ni Kituo cha Aga Khan, kilichofunguliwa mwaka 2018. Humo imo Taasisi ya Taaluma za Kiismailia, iliyoanzishwa hapa London mwaka 1977, na maktaba yake imehifadhi vitabu vya Kiarabu vilivyonakiliwa kwa mkono, vingi vikiwa vimepitia Yemen na Gujarati. Mtu akitaka kujua msikiti wa Azhar ulikuwa ukisomesha sheria gani ulipokuwa mpya, vitabu vya namna hii ndivyo vya kumwambia.

Sisi wa pwani tunaijua Azhar kwa sura nyingine. Vijana wetu wa Unguja, Lamu na Mombasa wamekwenda kusoma huko na kurudi masheikh wa Kisuni. Lakini walioijenga hawakuwa Masuni. Walikuwa Wafatimi, nasaba ya makhalifa Washia wa Kiismailia waliojinasibisha na Bibi Fatuma, binti wa Mtume. Dola yao ilianza Afrika ya Kaskazini mwaka 909. Mwaka 969 jemadari wao Jawhar aliitwaa Misri na kuanza kuujenga mji wa Kairo, na mwaka 972 sala ya kwanza ikasaliwa Azhar.

Darasa halikuchelewa. Mwaka 975 kadhi Ali, mwana wa Kadhi Nuuman, aliketi msikitini humo akasomesha mukhtasari wa fiqhi ulioandikwa na baba yake, na majina ya waliohudhuria yakaandikwa. Mwaka 988 waziri Ibn Killis, Myahudi wa Baghdad aliyesilimu, alipata ruhusa ya khalifa kuwaweka pale mafakihi 35 kwa mshahara, na wakajengewa nyumba karibu na msikiti. Kila Ijumaa walikaa duara baada ya sala, wakazungumza fiqhi hadi alasiri. Hawa walikuwa watumishi wa dola, na kazi yao ilikuwa kuieneza sheria ya nyumba iliyotawala.

Sheria hiyo iliandikwa na yule Nuuman, aliyefariki mwaka 974. Kitabu chake kikubwa, Daaim al-Islam, maana yake Nguzo za Uislamu, alikitunga kwa amri ya khalifa al-Muizz. Kuona jinsi kilivyotofautiana na tulichozoea, tuchukue mirathi moja. Mtu amekufa, ameacha mke, binti mmoja na ndugu yake wa kiume wa baba na mama. Deni limelipwa, zimebaki dinari 800. Kwa fiqhi ya Kishafii, mke anapata thumni, dinari 100. Binti anapata nusu, dinari 400. Zilizobaki, 300, zinakwenda kwa ndugu wa marehemu, kwa kuwa yeye ni asaba, jamaa wa kiume wa upande wa baba. Kwa fiqhi ya Nuuman, mke anapata zile zile 100. Binti anachukua nusu yake, kisha kilichobaki kinamrudia yeye, zote pamoja dinari 700. Ami yake hapati kitu.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atue kidogo, kwa sababu dinari hizo 300 zilibeba siasa nzima ya zama zile. Makhalifa wa Baghdad, Waabbasi, walidai haki yao kwa kuwa ni kizazi cha Abbas, ami yake Mtume. Wafatimi walidai yao kwa binti yake. Mtume hakuacha mwana wa kiume aliye hai. Basi swali la nani anarithi, binti au ami, lilipoulizwa mbele ya kadhi juu ya nyumba na duka, lilikuwa pia swali la nani anastahili kutawala Waislamu. Jawhar alipoingia Misri aliwaahidi wenyeji kwamba wataachiwa desturi zao za dini, na hata kadhi wa zamani alimwacha kazini. Hata hivyo katika mirathi aliamuru hukumu ifuate fiqhi mpya. Kwangu mimi, jambo hilo linaonyesha walichokithamini kuliko hutuba yoyote ya Ijumaa.

Dola ilianguka mwaka 1171, Salahuddin Ayubi alipoiondoa. Vitabu vya kasri vikauzwa na kutawanyika, na Azhar ikakaa karibu karne moja bila sala ya Ijumaa, hadi ilipoanzishwa tena mwaka 1266. Iliporudi kuwa chuo, fiqhi ya Nuuman haikuwamo tena. Lakini Wafatimi walikuwa na madai, yaani walinganiaji, waliotumwa mbali wakiwa na vitabu, na Yemen ilikuwa ngome yao moja. Huko Daaim ilinakiliwa kizazi baada ya kizazi. Katika karne ya 16 uongozi wa jamaa hao ulihamia Gujarati, kwa wafuasi tunaowaita Mabohora, na kutoka Gujarati majahazi yakawaleta wengi wao kwetu.

Mwenyeji wa Mji Mkongwe au wa Mombasa ameiona sheria ya Wafatimi ikitendeka, pengine bila kujua. Bohora hangoji mwezi uandame. Huhesabu kwa kalenda ya Wafatimi, Ramadhani yake ni siku 30 kila mwaka, na mara nyingi huanza kufunga siku moja au mbili kabla ya jirani yake. Ndugu zao Maismailia wa Aga Khan ni tawi jingine, lililotengana nao tangu mwaka 1094 kwa ugomvi wa nani amrithi khalifa al-Mustansir. Hao hufuata mwongozo wa Imamu wao aliye hai, kwa hiyo kitabu cha Nuuman hakiwaongozi kama kinavyowaongoza Mabohora. Familia za matawi yote mawili zilihamia Uingereza kutoka Afrika Mashariki, wengi baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Leo Mabohora wa London wana msikiti wao Northolt, magharibi ya mji.

London ilikuwa imekwisha kuamua jambo lao kabla ya hapo. Mwaka 1947 Baraza la Faragha, mahakama ya juu kabisa ya himaya ya Waingereza, lilipokea rufaa kutoka India: je, dai, kiongozi wa Mabohora, ana mamlaka ya kumtenga mfuasi na jamaa? Mahakimu walisema anayo, lakini lazima zifuatwe taratibu, na katika kesi ile hazikufuatwa, basi kutengwa kule kukabatilika. Madaraka yaliyotoka kwa makhalifa wa Kairo yakapimwa na mahakimu wa Kiingereza.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vimefichwa kwa muda mrefu, hasa vile vya batini, ambavyo mtu hakuvisoma bila ruhusa na kiapo. Husayn al-Hamdani, aliyetoka katika ukoo wa wanavyuoni wenye asili ya Yemen, alileta elimu hiyo London na akapata udaktari wake hapa mwaka 1931. Baadaye hati za ukoo wake zilitolewa kwa taasisi ya Kiismailia ya London, kama zilivyotolewa zile za Zahid Ali wa Hyderabad mwaka 1997. Daaim, kwa kuwa ni kitabu cha dhahiri, haikuwa siri kama hivyo. Asaf Fyzee, mwanasheria wa Bombay, Bohora wa Kisulaimani aliyesoma Cambridge, alikusanya nakala kadhaa, akazilinganisha neno kwa neno na kusahihisha matini yake. Juzuu ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1951, Kairo, miaka 780 tangu sheria hiyo ifukuzwe katika mji huo huo.