Mteja Bandia: Stori Iliyoanza 1972 na Kunikuta Mimi Msambweni

Shangazi yangu ana boti moja, inabeba abiria 8. Inawatoa watu Bodo kuwapeleka Funzi na kuzunguka mikoko ya mto Ramisi. Boti ni moja lakini meseji ni nyingi, na zinaingia mpaka usiku wa manane: bei gani, mnaondoka saa ngapi, naweza kulipa nusu? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, si mnajua, na tangu hapo kila mtu nyumbani anasubiri kuona nitafanya nini la maana. Nikamwambia shangazi nitamtengenezea roboti ya kuchati ijibu wateja. Akaniangalia, akasema: "Sawa mwanangu. Lakini ikimkosea mtu, jina litakaloharibika ni langu, si lako."

Hapo ndipo nikaanza kufikiria kuijaribu kabla mteja wa kweli hajafika. Nikachukua modeli ya pili ya lugha, nikaipa maagizo: wewe ni mteja, unataka safari ya Funzi, ongea na roboti. Nikaziacha zichati zenyewe mara 40. Asubuhi nikakuta zote 40 zimeenda poa na safari zimebukiwa. Nikamwonyesha shangazi kwa kiburi kabisa. Akasoma tano tu, akacheka. "Hawa si wateja. Hawa ni wageni wa harusi. Nani ananiandikiaga mimi asante kwa maelezo yako mazuri?"

Iliniuma, lakini alikuwa sahihi. Nikaenda kuchimba kujua kama kuna mtu mwingine ashawahi kukwama hapa. Wadau, wamekwama hapa zaidi ya miaka hamsini.

Turudi 1972. Marekani kulikuwa na programu mbili maarufu. Moja ilikuwa ELIZA ya Joseph Weizenbaum, iliyotoka MIT mwaka 1966, na sura yake iliyojulikana zaidi iliitwa DOCTOR: inaigiza daktari wa akili kwa kukurudishia maneno yako kama swali. Ya pili ilikuwa PARRY ya Kenneth Colby kule Stanford, iliyoigiza mgonjwa mwenye shaka na kila mtu, anayeamini majambazi wa kamari ya farasi wanamwinda. Septemba 1972 wakaziunganisha hizo mbili kupitia ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, na Vint Cerf akayachapisha mazungumzo hayo Januari 1973 katika waraka unaoitwa RFC 439. Ukiusoma leo unacheka. Mgonjwa analalamika, daktari anauliza kwa nini unalalamika, mgonjwa anakasirika, na mwisho daktari anadai dola 399 na senti zake.

Lakini angalia kitu kimoja. Hakuna aliyetaka chochote pale. Mgonjwa hakuja kupona na daktari hakuwa na cha kutibu. Ukiniuliza mazungumzo yale yalifaulu au yalifeli, sina jibu, kwa sababu hakukuwa na lengo la kupimia. Na wateja wangu 40 walikuwa hivyo hivyo: midomo tu.

Ruka mpaka 1997. Wakati huo kampuni za simu zilikuwa zinajenga mifumo ya kuongea na wateja, mfano mtu anayetafuta ndege. Kuijaribu ilikuwa ghali, maana kila ukibadilisha kitu unatafuta tena watu wa kuipigia simu. Wieland Eckert, Esther Levin na Roberto Pieraccini, wakiwa na AT&T, wakasema: tutengeneze mtumiaji bandia. Walichofanya ni kuangalia takwimu. Mfumo ukiuliza "unaenda wapi?", ni mara ngapi mtu anajibu mji peke yake, ni mara ngapi anaongeza na tarehe, ni mara ngapi anakata simu? Mtumiaji bandia anarusha karata kulingana na uwezekano huo. Sasa una mazungumzo maelfu bila kumlipa mtu, na yamefanana kiasi na ya watu.

Shida ni kwamba mtumiaji yule alikuwa anaangalia swali la mwisho tu. Alikuwa hakumbuki alichotaka. Swali hili anaenda mji mmoja, swali lijalo amegeuka. Mteja wa kweli husumbua, ndio, lakini husumbua akiwa na lake moyoni.

Hicho ndicho watu wa Cambridge walichokiweka mwaka 2007. Jost Schatzmann, Steve Young na wenzao walimpa mteja bandia vitu viwili. Cha kwanza ni lengo lililogawika: masharti yake (mfano, nataka baa, iwe na bia, iwe katikati ya mji) na anachotaka kujua (jina, anwani, namba ya simu). Cha pili ni ajenda, yaani rundo la mambo atakayosema, lililopangwa kama sahani: la juu linatoka kwanza. Mfumo ukikosea, mteja anaweka sahani mpya juu, "hapana, nimesema katikati ya mji", kisha anarudi kwenye mambo yake ya awali. Huyu hasahau. Ukimpa baa ya nje ya mji anakuganda mpaka umpe ya katikati.

Ila huyu naye alikuwa bubu. Alikuwa anatoa alama za mashine, kama vile *inform* na *request*, siyo sentensi za binadamu. Modeli kubwa za lugha zilipokuja ndipo mteja bandia akapata lengo na mdomo kwa pamoja. Mwaka 2024 kampuni ya Sierra ikatoa kipimo kinachoitwa τ-bench. Humo modeli moja inaigiza mteja wa duka au wa ndege, ikiwa na maagizo ya siri ambayo roboti haiyaoni, na nyingine inahudumia. Vitu viwili vilinikaa kichwani. Kwanza, hawahukumu kwa kusoma kama roboti iliongea vizuri. Wanafungua daftari la kampuni mwishoni na kuuliza: je, kilichoandikwa humu ndicho kilichotakiwa kuandikwa? Pili, kesi moja inarudiwa mara nyingi. Modeli kali za wakati huo, gpt-4o ikiwemo, zilimaliza chini ya nusu ya kazi. Na ukitaka kazi hiyo hiyo ifanikiwe mara 8 kati ya 8, kwa upande wa duka ilikuwa chini ya robo. Yaani kufaulu mara moja kunaweza kuwa bahati tu, na mimi nilikuwa nimeshajivunia bahati 40.

Basi nikaanza upya. Nikaomba simu ya shangazi, nikasoma meseji zake za zamani, nikaandika kadi za wateja kutokana na mambo yaliyotokea kweli, bila majina ya watu. Moja ilikuwa hivi:

```
LENGO: safari ya Funzi, Jumamosi asubuhi
SEMA KWANZA: tuko watu 7
FICHA MPAKA BEI IKUBALIWE: watoto 2 wanakuja pia
UKIKATALIWA: "watoto ni wadogo, tutawapakata"
LUGHA: fupi, bila salamu, bila asante
DAFTARI SAHIHI: hakuna safari ya zaidi ya watu 8
```

Boti inabeba 8, jaketi za kuokolea ni 8. Saba na wawili ni 9. Nikairudia kadi hiyo mara 8. Mara 5 roboti ilikataa kwa adabu. Mara 3 ilisema, "Hakuna shida, watoto wanakaribishwa!" na ukiisoma unaipenda, ina roho nzuri kabisa. Ndiyo maana ungesoma maneno peke yake usingeona kosa. Kosa lilikuwa kwenye daftari: watu wazima 7, watoto 2, imethibitishwa. Watu tisa juu ya maji, jaketi nane. Sikulala vizuri siku ile.

Nilichojifunza hapo ni kwamba kuna vitu havifai kuachiwa maneno. Sikuiandikia roboti "tafadhali kuwa makini". Niliweka kizuizi mahali safari inapoandikwa, modeli ipende isipende:

```
if watu_wazima + watoto > 8:
    raise ValueError("boti imejaa")
```

Nikarudia kadi ile mara 8 tena. Daftari likabaki safi zote 8. Roboti yenyewe mara moja ilijaribu kubuki na ikazuiwa, ikarudi kumwambia mteja ukweli.

Sasa msidhani mteja bandia haongopi na yeye. Kati ya kesi zilizofeli, nyingine kosa lilikuwa lake. Kuna aliyesahau kwamba yeye ni mteja, akaanza kutangaza bei za boti. Kuna aliyemwaga siri ya kadi kwenye meseji ya kwanza, kwa hiyo roboti ikafaulu mtihani uliokuwa na majibu juu yake. Na wengi, hata ukiwakataza, baada ya meseji tano wanarudia ustaarabu wao wa harusi: wanakubali haraka, wanaandika sentensi ndefu zilizonyooka. Modeli imefunzwa kusaidia, kumbe kuigiza msumbufu ni kazi kwake. Kwa hiyo lazima ukae usome kwa macho yako, uliofeli na uliofaulu pia, ukiuliza kila mara: ni nani hapa aliyekosea?

Ndiyo maana naona hatari pale watu wanapoingiza jambo hili kwenye afya. Hapa Kenya kuna PROMPTS ya Jacaranda Health, inayopokea maswali ya kina mama kwa SMS, na mwaka 2023 shirika hilo lilitoa modeli ya Kiswahili, UlizaLlama. Sijui jinsi wanavyopima, na siwasemi wao. Nasema mtu yeyote atakayemwigiza mama mjamzito kwa mashine akumbuke kwamba mama wa kweli haandiki kama kitabu. Anaandika "kichwa chaniuma sana tangu jana" kisha ananyamaza. Ukimjaribu kwa mama bandia anayetaja dalili zote kwa mpangilio, umejipima kwa mtu ambaye hayupo.

Kaskazi ilipoanza, bahari ikatulia na wageni wakaja, tukawasha roboti. Nilikuwa na kadi 30, kila moja imepita mara 8. Mteja wa kwanza kabisa hakuandika hata neno. Alituma sauti, sekunde 40, kwa Kidigo, upepo unavuma nyuma.

Roboti ikamwomba radhi na kusema haikuelewa. Shangazi akanipokonya simu, akamjibu kwa Kidigo, akambukia. Kisha akanirudishia: "Andika kadi ya 31."